Kioo hakijui maana: kuhusu nembo yetu iliyochanika

Jumamosi, saa nne usiku, umeme upo na mvua inapiga mabati kama imetumwa. Leo sina stori za foleni ya kantini wala za timed test. Nina hoja moja inayonikera tangu Jumatatu, nayo inahusu nembo.

Kwa faida ya wageni wa ukurasa huu, kikundi chetu ni cha wanafunzi wa ualimu. Kila muhula tunapanda kwenye shule za vijiji vya milimani huku Uluguru, tunafundisha masomo ya ziada wiki mbili, halafu wanafunzi waliofanya vizuri tunawapa cheti. Nembo ya kikundi ilichorwa na waliotutangulia, na faili lake lilipotea pamoja na kompyuta ya mtu. Kilichobaki ni karatasi moja yenye kichwa cha barua, imekaa kwenye faili la kamba miaka yote hiyo. Tundu la pancha limepita pembeni ya nembo, karatasi ikachanika kutoka hapo, unyevu ukamalizia. Upande wa chini kulia, zaidi kidogo ya robo ya nembo, haupo.

Vyeti vinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza akaangalia ile karatasi sekunde tano tu, akasema: "Dada, mbona rahisi? Upande wa kushoto si upo mzima? Unaukopi, unaugeuza, unaubandika kulia. Kazi imeisha."

Jamani, hapo ndipo pana hoja yangu. Nusu ya ushauri huo ni sahihi kabisa, na nusu nyingine inaweza kutuharibia vyeti. Naamini kazi ya kurudisha kipande cha nembo kilichopotea huanza na swali moja kabla hujagusa mausi: hiki kipande kilizaliwa na pacha, au kilizaliwa peke yake? Kama kina pacha, pacha wake anatosha kuwa shahidi. Kama hakina, hakuna kitufe kitakachokurudishia.

Chukua mfano ambao kila Mtanzania ameushika mkononi, nembo ya taifa. Ukiitazama haraka unasema pande mbili zinafanana: ngao katikati, pembe mbili za ndovu zimeikumbatia, watu wawili wamesimama huku na huku. Sasa chukulia upande mmoja umechanika, nawe ukaugeuza ule mzima. Pembe ya ndovu itakaa sawa, na ukingo wa ngao utakaa sawa. Lakini umepata wanaume wawili na mwanamke hayupo. Miguuni kwa mwanamume kuna mkarafuu na miguuni kwa mwanamke kuna pamba, kwa hiyo umepata mikarafuu miwili na pamba imefutika. Mlima Kilimanjaro chini yao nao hauna pande mbili sawa, maana Kibo si Mawenzi. Na utepe wa "UHURU NA UMOJA" ndiyo kabisa: herufi U, H, A, M na O hazidhuriki zikigeuzwa moja moja, ila R, N na J zinatazama nyuma. Kioo kinajua umbo, hakijui maana.

Bendera inafundisha jambo la pili. Ule mkanda mweusi unapanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Ukigeuza bendera kwa kioo, mkanda unashuka badala ya kupanda, na hiyo si bendera yetu tena. Lakini ukiizungusha nusu mzunguko, yaani digrii 180, umbo linarudi lilelile. Rangi ndizo hazirudi, kijani na buluu vinabadilishana nafasi. Kwa hiyo hata pacha wana aina zake: kuna pacha wa kioo na kuna pacha wa mzunguko. Ukikosea aina, kazi yote imekosea.

(Na kabla mtu hajachukua mifano hii na kwenda kutengeneza nembo ya taifa stesheni: matumizi yake yana sheria, na nakala rasmi zipo. Nimeitaja kwa sababu sote tunaijua.)

Haya, turudi kwenye karatasi yetu. Nembo ina duara kubwa, ndani yake miale ya jua inazunguka pande zote, katikati kuna mstari wa milima, chini ya milima kitabu kilichofunguliwa, na maneno "ELIMU NI MWANGA" yamepinda kufuata duara kwa chini. Kilichopotea ni kipande cha duara, miale kadhaa, sehemu kubwa ya ukurasa wa kulia, mteremko wa mwisho wa mlima na herufi za mwisho za maneno.

Kuna wanaosema skani tu, ingiza kwenye Inkscape, bonyeza `Path > Trace Bitmap`, umemaliza. Sikubaliani nao. Ile amri inafuata mpaka wa weusi na weupe kama ilivyouona. Mchaniko utachorwa kwa uaminifu mkubwa, doa la unyevu litakuwa sehemu ya nembo, na duara litatoka na mamia ya nodi zinazotetemeka. Ukilikuza kwenye bango linaonekana kama limechorwa ndani ya daladala. Ile karatasi itazamwe kama shahidi wa vipimo tu. Maumbo yenyewe yajengwe upya.

Cha kwanza ni skana, siyo kamera ya simu. Simu ikiinama kidogo duara linakuwa yai, na ukianza na yai kila kitu kitakachofuata kitakuwa yai. Picha iingizwe, ikuzwe hadi nembo iwe na upana wa takriban milimita 200, ififishwe hadi asilimia 40 hivi, kisha tabaka lake lifungwe lisisogee. Kazi yote inafanyika kwenye tabaka la juu yake.

Cha pili ni kitovu, na hapa hesabu za sekondari zinalipa. Duara limechanika, huwezi kupima kipenyo chote. Lakini huhitaji duara zima, kipande kizima cha ukingo kinatosha. Chagua nukta mbili kwenye ukingo uliosalia, ziunganishe kwa mstari mnyoofu, kisha pima kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye upinde. Urefu wa mstari ukiwa c na kimo cha upinde kikiwa h, nusu kipenyo ni:

```
r = c²/(8h) + h/2
```

Kwetu c ilikuwa milimita 120 na h milimita 20. Basi 14400 gawanya kwa 160 ni 90, jumlisha 10, unapata 100. Rudia sehemu nyingine ya ukingo. Majibu yakikaribiana, duara ni duara kweli. Yakiachana sana, picha imevutika upande mmoja, na hata mashine ya fotokopi inaweza kuvuta hivyo. Nyoosha picha kwanza, usianze kulilazimisha duara lifuate kosa. Ukishaijua r unachora duara kwa zana ya duara, unalisogeza hadi likae juu ya ukingo wote uliosalia, na kitovu kinajulikana. Sisi tukakiweka kwenye 100, 100. Miongozo miwili ikapita hapo, mmoja wima na mmoja mlalo. Huo wa wima ndio mhimili wa ulinganifu.

Cha tatu ni miale. Hapa yule mdogo wangu angepata jibu zuri hata kwa kioo, lakini ipo njia salama zaidi. Miale ni pacha wa mzunguko: wote ni mwale mmoja uliotembea kuzunguka kitovu. Swali ni kwamba ilikuwa mingapi? Iliyobaki ni 11. Ukipima pembe kati ya mwale mmoja na jirani yake unapata mara 22, mara 23, kwa sababu wino umevimba. Kwa hiyo usipime nafasi moja, pima kutoka mwale wa kwanza hadi wa kumi na moja. Hizo ni nafasi 10, na kwetu zilikuwa digrii 225. Kila nafasi ni digrii 22.5, na 360 gawanya kwa 22.5 ni 16 kamili. Iliyopotea ni mitano. Hesabu isipogawanyika ikatoa namba nzima, usijikaze kuisogezasogeza. Rudi ukakague kitovu, kuna uwezekano mkubwa hapo ndipo tatizo lilipo.

Baada ya hapo unachagua mwale ulio msafi kuliko wote na kuuchora mmoja tu kwa uangalifu. Ubofye uchaguliwe, utulie kidogo, kisha ubofye tena ili kialama cha mzunguko kionekane, ukiburute hadi kitovu cha duara. Halafu `Ctrl+D` kunakili, `Object > Transform`, kwenye `Rotate` unaandika 22.5, unarudia hadi itimie 16. Uthibitisho ni huu: ile kumi na moja ya zamani lazima ifunikwe na mipya. Ikianza sawa lakini ikaachana kidogo kidogo kadiri inavyozunguka, kitovu au pembe imekosewa.

Cha nne ni kitabu, ambacho ni pacha wa kioo. Ukurasa wa kushoto ni mzima. Unauchora nusu tu, kutoka kwenye mhimili kwenda kushoto, kisha nakala yake inageuzwa. Kihesabu kioo ni kitu kidogo sana: kwa kuwa mhimili uko kwenye 100, nukta yenye x ya 40 inahamia kwenye 200 toa 40, yaani 160, na urefu wake kutoka juu haubadiliki. Mkifungua faili lenyewe la SVG, mwale wa pili na ukurasa wa kulia vinaweza kuandikwa hivi tu:

```
<use href="#mwale" transform="rotate(22.5 100 100)"/>
<use href="#ukurasa" transform="translate(200 0) scale(-1 1)"/>
```

Lakini kugeuza kunahitaji ushahidi. Ukurasa wa kulia haukupotea wote, kona yake ya juu imebaki. Ukipima kona hiyo ukaikuta karibu na 160, dhana ya kioo imethibitika. Kwetu ilikuwa 160.4. Hiyo tofauti, nembo ikichapwa kwa upana wa milimita 40, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, achana nayo. Ingekuwa 166, ningesema mchoraji hakukusudia kurasa mbili sawa, na tungesimama hapo.

Kuna mtego kwenye mshono. Nusu mbili zikikutana bila kugusana sawasawa, kwenye kioo cha kompyuta huoni kitu, ila stika ikienda kwenye mashine ya kukata, kisu kinapita katikati ya kitabu chako. Nodi zote za mwisho ziwe na x ya 100 kamili, nusu mbili zifanywe njia moja kwa `Path > Combine`, kisha nodi zichague mbili mbili na `Shift+J` iziunganishe. Mpini wa nodi kwenye mpindo ulazwe mlalo sawasawa, la sivyo panatokea kinundu kama paji la uso lililogongwa. Kukagua ni rahisi: `View > Display Mode > Outline` inaondoa rangi na kukuonyesha mistari mitupu. Ukiona mstari wima katikati ya kitabu, nusu hazijaungana bado.

Sasa tumefika mahali ambapo kioo kinanyamaza. Juu ya kona ile iliyobaki ya ukurasa wa kulia kuna kijistari kimoja cha mshazari, kifupi kama kucha, kinachotokeza nje. Kushoto hakipo. Yule kijana alikichukua kama uchafu wa fotokopi. Mimi nikasema uchafu haunyooki hivyo wala hauna unene sawa na mistari mingine ya nembo. Tukatafuta. Kwenye droo ya kikundi kuna muhuri wa mpira wa zamani, umekauka, lakini sura ya nembo imo. Kijistari kile ni ncha ya kalamu. Kwenye ukurasa wa kulia kuna kalamu imelala, na kushoto kuna mistari ya maandishi. Yaani ukurasa mmoja umeshaandikwa na mwingine unasubiri kuandikwa. Tungegeuza tu, tungepata kurasa mbili zilizokwisha kuandikwa na mwanafunzi hana nafasi. Waliotutangulia walikuwa na maana yao pale, na sisi tungeifuta kwa herufi moja ya kibodi, `H`.

Kwa watakaotumia muhuri kama shahidi: mpira wenyewe uko kinyume, kwa hiyo ukiupiga picha lazima uugeuze, na ukitumia alama yake kwenye karatasi usiugeuze. Na wino wa muhuri husambaa, mistari inanenepa. Chukua kutoka kwake mahali na mwelekeo wa kitu. Unene wa mstari uchukue kwenye karatasi ya asili.

Mlima nao hauna pacha. Ule mstari ni Uluguru kama unavyoonekana ukiwa mjini Morogoro, kilele cha Lupanga kikiwa kimekaa juu ya mji. Mteremko wa kulia haufanani na wa kushoto, na mtu aliyekulia hapa atagundua kabla hajasoma maneno. Ukiugeuza unapata mlima wa kwenye katuni. Sehemu iliyopotea imefuatwa kwenye alama ya muhuri, kwa nodi chache.

Herufi zimegawanyika. Zilizobaki ni "ELIMU NI MW", zinatakiwa A, N, G, A. N ipo kwenye "NI", inanakiliwa na kuzungushwa kwa kitovu kilekile hadi mahali pake. A haipo popote kwenye karatasi, lakini ni herufi ya kioo: ukipata nusu yake kwenye muhuri, nusu nyingine unaijua. G haina pacha wa aina yoyote, hiyo inachorwa yote kwa kufuata muhuri, na ukali wa pembe zake unaazimwa kwa E na L ili zionekane ndugu.

Mtu ataniuliza, dada, yote haya kwa cheti cha mtoto wa darasa la sita? Ndiyo, kwa ajili ya huyohuyo. Kaka yake ana cheti chetu cha zamani ukutani nyumbani, kina kalamu. Yeye akija na kisicho na kalamu, na mlima mwingine, mwalimu mkuu ana haki ya kuuliza kipi ni feki. Mtoto wa kijijini hana namna ya kujitetea. Cheti ni karatasi tu, kinachokipa uzito ni kwamba kinafanana na kile cha jana.

Na kama tusingepata ule muhuri? Msimamo wangu ungekuwa huu: duara, miale na kitabu virudishwe, kwa sababu vina ushahidi. Kalamu na mteremko wa mlima tungewauliza waliotutangulia, na tukikosa jibu, kikundi kingekaa kikao, kikaamua, kikaandika kwenye kumbukumbu kwamba kuanzia tarehe fulani nembo imebadilishwa hapa na hapa. Kubuni siyo dhambi. Ubaya ni kubuni halafu kusema umerudisha.

Kabla ya kupeleka stesheni, mistari yote igeuzwe kuwa maumbo kwa `Path > Stroke to Path`, maana bila hivyo nembo ikipunguzwa kwenye mashine nyingine unene unaweza kubaki palepale na kitabu kikawa doa jeusi. Nakala ambayo haijageuzwa ibaki kando kwa marekebisho. Na faili safari hii likae kwa watu watatu, siyo kwenye laptopu ya mwenyekiti peke yake.

Yule mdogo wangu amekubali habari ya kalamu, ila bado anabisha kuhusu mlima, anasema hakuna atakayeona. Nimemwambia Jumatatu asimame kituoni Msamvu aangalie juu.

Nawakilisha. Umeme umeanza kucheza, acha nisevu.